Damu Isiyouma: Mhadhara kwa Watu wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Wazee wangu, akina mama, vijana, na ninyi wahudumu wa zahanati mliovuka maji kuja hapa: leo nitazungumzia dalili moja tu. Mtu anakwenda haja ndogo, anaona mkojo mwekundu, hasikii maumivu yoyote, na baada ya siku moja au mbili mkojo unarudia rangi yake. Hadithi inaishia hapo. Hamwambii mke, hamwambii mume, haendi zahanati. Mkojo umekuwa safi, sasa akaonyeshe nini?

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Wengi wetu tulikulia majini. Tulioga kwenye madimbwi, tulipalilia mpunga maji yakiwa magotini, na tuliona wenzetu wakikojoa damu mwisho wa mkojo bila kulia wala kulazwa. Wapo waliodhani ni dalili ya mvulana kuingia ubaleghe. Mtu aliyelelewa hivyo, akiiona damu hiyo tena akiwa na miaka 50, anaikumbuka kama jambo la utotoni. Anasema, "Ni kichocho tu." Neno hilo "tu" ndilo lililonileta hapa. Huenda ni kichocho kweli, na kichocho chenyewe si cha kupuuzwa. Lakini huenda pia ni saratani ya kibofu cha mkojo, na magonjwa haya mawili yana undugu: ugonjwa wa kwanza huutengenezea njia ule wa pili kwa miaka mingi.

Nianze na kichocho, maana bila kukielewa hatutaielewa damu hii. Kichocho cha mkojo huletwa na minyoo midogo inayoishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Dume na jike huishi wamekumbatiana, kwa kawaida miaka 3 hadi 5, na baadhi huishi muda mrefu zaidi ya huo. Jike hutaga mayai kila siku. Yai lina mwiba nchani, nalo hupenya ukuta wa kibofu ili litoke na mkojo. Likifika kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, linaanguliwa, na kidudu chake kinamtafuta konokono mdogo wa majini ambaye ukimshika ncha ya ganda ikitazama juu, mdomo wa ganda unakuwa upande wa kushoto. Wiki kadhaa baadaye konokono huyo anaachia majini vijidudu vingine vyenye mkia, hasa jua linapokuwa kali mchana, navyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kutoka siku hiyo hadi mayai yaanze kuonekana kwenye mkojo hupita miezi miwili au mitatu.

Konokono huyo hapendi chumvi. Kwa hiyo mvuvi anayefanya kazi kwenye midomo ya mto, kati ya mikoko, ambako maji ya bahari huingia na kutoka, hapati kichocho hapo. Anakipata anapopanda juu kwenda shamba la mpunga, kwenye vidimbwi na mabwawa yanayobaki mafuriko yakipungua, mahali anapokaa wiki nzima kwenye dungu akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, akioga na kuchota maji palepale. Nasema haya kwa sababu nimesikia watu wa visiwani wakisema, "Sisi tuko baharini, kichocho ni cha watu wa bara." Swali la kumuuliza mtu halihusu mahali anapolala peke yake. Tumuulize analima wapi, na alikua akichezea maji gani.

Sasa tuje kwenye damu. Yai lenye mwiba linapopenya ukuta wa kibofu huchana vijishipa vidogo, damu inavuja. Mara nyingi huonekana mwishoni mwa mkojo, kibofu kinapojikamua matone ya mwisho. Lakini si mayai yote yanayofanikiwa kutoka. Mengi yananasa ndani ya ukuta, na mwili huyazungushia kuta za kinga, kisha makovu, na hatimaye chokaa. Ukuta ule unakuwa mgumu. Mayai mapya yanapita kwa shida, damu inapungua, na pengine inakoma kabisa. Mwenye kibofu anafurahi kwamba amepona, kumbe kibofu kinapoteza ulaini wake, na mahali ambapo mirija kutoka kwenye figo huingia panabanwa na makovu. Mkojo unarudi nyuma na figo inavimba. Kwa kuwa inavimba polepole, haiumi. Nimeona vijana wa miaka 20 na kitu ambao figo moja imeshachoka, na wao hawakumbuki kuumwa siku hata moja.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutodanganywa na damu iliyokoma. Kukoma kwake kunaweza kuwa kovu na si kupona.

Ya pili ni saratani. Mwaka 1851 daktari Mjerumani Theodor Bilharz, aliyekuwa akifanya kazi Kairo, aligundua minyoo hii katika mwili wa maiti. Miaka 60 baadaye, 1911, mwanapatholojia Ferguson wa hospitali ya Kasr el-Aini mjini humo aliandika kwamba wagonjwa wengi wa saratani ya kibofu waliofika mikononi mwake walikuwa na kichocho, akaunganisha magonjwa hayo mawili. Hoja ilibishaniwa muda mrefu. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka minyoo ya kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi lilelile lenye moshi wa sigara. Kinachotokea ni hiki. Ngozi laini ya ndani ya kibofu inajeruhiwa na mayai, inajirekebisha, inajeruhiwa tena, kwa miaka 20 au 30. Katika kujirekebisha huko inabadilika na kufanana na ngozi ngumu ya nje ya mwili, na katika chembe hizo zilizobadilika, siku moja chembe moja inaacha kutii. Saratani inayotokana na njia hii huwapata watu wakiwa na umri mdogo kuliko ile inayoonekana sana Ulaya, ambayo kwa kawaida ni ya wazee wa miaka 65 na kuendelea. Huku Afrika wengi wako kwenye miaka ya 40 na 50, wakati bado wana watoto shuleni.

Na kwa nini damu ya saratani inakoma? Uvimbe wa kibofu huota kuelekea ndani, juu yake kuna mishipa michanga na dhaifu. Kibofu kinapojaa na kujikamua, uso wa uvimbe unakwaruzika, unavuja. Kisha damu inaganda pale juu, kama gamba la kidonda, na mkojo unakuwa safi wiki tatu, miezi miwili, hata nusu mwaka. Uvimbe uko palepale na unaendelea kukua. Wingi wa damu nao haupimi ukubwa wa ugonjwa. Mililita 1 tu ya damu katika lita nzima ya mkojo inatosha kuugeuza rangi ukaonekana kwa macho, na uvimbe mkubwa unaweza kukaa kimya wakati mdogo unatoa damu ya kutisha.

Kuhusu maumivu, watu wamejifunza kwamba kisichouma si ugonjwa. Kwenye njia ya mkojo mambo yako kinyume kabisa. Damu yenye maumivu makali ya kiuno yanayoshuka kinenani mara nyingi ni jiwe. Damu yenye kuungua, homa na kwenda haja kila baada ya dakika chache mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, haya ambayo siku hizi kila mtu anayaita yutiai. Magonjwa hayo yanasumbua lakini yanamsukuma mtu hospitalini. Damu isiyo na maumivu kwa mtu mzima ndiyo inayotutia hofu zaidi sisi tunaoshughulika na kibofu, kwa sababu uvimbe mchanga hauzibi kitu, hauvuti kitu, na hauna sababu ya kuuma. Katika kliniki za nchi zenye kumbukumbu nzuri, kati ya watu wazima 10 wanaofika kwa damu inayoonekana kwa macho, mmoja au wawili hukutwa na saratani ya njia ya mkojo. Maana yake ni kwamba wengi wao hawana saratani. Lakini hakuna njia ya kumjua aliye nayo kwa kumtazama usoni, wala kwa kuangalia kama damu imerudi.

Nitawaelezea mtu mmoja. Nimemtunga, si mgonjwa fulani, lakini kila hatua yake nimeiona kwa watu wengi. Tuseme ni mkulima wa mpunga na mvuvi wa msimu, ana miaka 48, anaishi upande wa kaskazini wa delta. Anavuta sigara tangu ujana. Mwezi wa Januari anaona mkojo mwekundu asubuhi, siku mbili, bila maumivu. Unakoma. Anafikiri ni jua na kutokunywa maji. Aprili, mvua zimekolea, damu inarudi. Duka la dawa wanampa antibayotiki ya siku tano. Siku ya tatu mkojo ni safi. Yeye na muuza dawa wote wawili wanaamini dawa imefanya kazi.

Agosti inarudi tena, safari hii na mabonge madogo. Anakwenda zahanati. Mhudumu anafanya kazi yake vizuri: anachovya kijiti cha kupimia mkojo, kinaonyesha damu. Anampeleka kituo chenye hadubini, na huko wanaona mayai yenye mwiba nchani. Jibu limepatikana. Anapewa prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Ana kilo 60, hivyo anameza vidonge 4 vya miligramu 600 kwa pamoja, baada ya kula. Wiki moja baadaye hakuna damu. Anarudi shambani akiwa na furaha, na jina la ugonjwa wake limeandikwa kwenye daftari.

Februari inayofuata anaamka usiku mara sita kwenda haja. Kuna kuungua, kuna vipande vyeupe kwenye mkojo, na siku moja mabonge ya damu yanaziba njia kabisa, tumbo la chini linajaa na kuuma vibaya. Sasa maumivu yamekuja. Anapakiwa kwenye boti hadi Nyamisati, kisha kwa gari hadi Kibiti, anawekewa mpira wa mkojo, kibofu kinasafishwa. Ultrasaundi inaonyesha uvimbe mkubwa kwenye ukuta wa kulia wa kibofu, na figo ya kulia imevimba kwa kuzibwa. Anapewa rufaa Muhimbili. Kipande cha nyama kinachukuliwa kwa kamera, patholojia inasema ni saratani ya chembe ngumu, ile ya kichocho, nayo imeshaingia kwenye msuli wa kibofu.

Turudi nyuma tuone amepotezwa wapi. Januari alidanganywa na ukimya. Aprili alidanganywa na bahati: damu ile ingekoma siku ya tatu hata kama angemeza maji matupu, lakini kwa kuwa kulikuwa na dawa mkononi, dawa ikapewa sifa. Agosti ndipo pananiuma zaidi, kwa sababu pale kila mtu alifanya jambo la busara. Kipimo kilikuwa sahihi. Mayai yalikuwepo kweli. Dawa ilikuwa sahihi, na kipimo chake kilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuamini kwamba mtu mwenye kichocho hawezi kuwa na kitu kingine, ilhali tumeshaona kwamba mwenye kichocho cha miaka mingi ndiye hasa tunayepaswa kumtafutia kitu kingine. Kupata mayai kwenye mkojo wa mtu wa miaka 48 kunajibu swali moja na kufungua la pili.

Wahudumu wenzangu, hapa nataka tukae kidogo. Mtoto wa miaka 10 mwenye damu mwisho wa mkojo, aliyekuwa majini, na mayai yameonekana, atibiwe na apimwe tena. Prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa lakini haiwezi vizuri minyoo michanga iliyoingia majuzi, kwa hiyo wiki 4 hadi 6 baadaye tunapima mkojo upya na, ikibidi, tunarudia dawa. Damu ya kuonekana kwa hadubini inaweza kuchukua wiki kadhaa kwisha hata minyoo ikiwa imekufa. Ikiwa bado ipo baada ya miezi mitatu bila mayai hai, mtoto huyo apigwe ultrasaundi ya figo na kibofu.

Mtu mzima ni habari nyingine. Mimi naweka mstari kwenye miaka 35, kwa sababu ya umri ambao saratani hii huanzia huku kwetu. Aliyeuvuka, akiona damu kwa macho yake hata mara moja, atibiwe kichocho kama anacho, na pia aandikiwe rufaa ya kuangaliwa ndani ya kibofu, mambo hayo mawili yaende pamoja bila moja kusubiri jingine. Aliye chini ya umri huo aandikiwe rufaa ileile kama anavuta sigara, kama ametoa mabonge, au kama damu imerudi baada ya dawa. Na anayemeza dawa za kuzuia damu isigande, au aspirini kila siku, asiambiwe kwamba ni dawa hizo. Mara nyingi dawa hizo hufichua tu uvimbe uliokuwa tayari umelala.

Mkojo wa kupima kichocho uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana mayai hutoka kwa wingi muda huo, na mtu akitembea au kurukaruka kidogo kabla ya kukojoa ni bora zaidi. Matone ya mwisho ndiyo yenye mayai, hivyo mtu asilete mkojo wa mwanzo na kumwaga uliobaki. Mkojo mmoja usio na mayai haumtoi mtu kwenye shaka, hasa kwa mtu mzima ambaye mayai yake mengi yamenasa kwenye makovu. Mkojo mwekundu bila damu pia upo. Anayemeza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini atakojoa rangi ya chungwa au nyekundu, na aliyekula kiazisukari chekundu anaweza kushtuka bure. Kijiti kinasaidia kutenganisha, na kama kinasema hakuna damu, hadubini ithibitishe.

Ultrasaundi ni kifaa kizuri, na afadhali ifanyike kibofu kikiwa kimejaa, kwa sababu kibofu kilichonywea huficha uvimbe kwenye mikunjo yake. Lakini uvimbe mdogo, au ule uliolala bapa kwenye ukuta, unaweza kupita bila kuonekana. Karatasi inayosema "kibofu kiko sawa" haifungi jambo kwa mtu mzima aliyetoa damu. Kinachofunga jambo ni kamera nyembamba inayopitishwa kwenye njia ya mkojo na kuangalia ukuta wote wa kibofu kwa macho. Wanaume wanaiogopa sana kamera hiyo kuliko inavyostahili. Njia hutiwa dawa ya ganzi iliyo laini kama mafuta, uchunguzi wenyewe ni dakika chache, na kuungua kwa siku moja au mbili wakati wa kukojoa ndiko kunakofuata kwa wengi. Kama daktari anaona kitu cha kukatwa, mtu huyo atapelekwa chumba cha upasuaji siku nyingine, kwa usingizi au ganzi ya mgongo.

Akina mama, nimewachelewesha. Kwenu damu hii ina pa kujificha kwingi. Mwanamke anayeona wekundu kwenye maji ya choo hudhani hedhi imekuja mapema, au imechelewa kuisha, au, akiwa amekoma hedhi, huona aibu kuuliza. Njia ya kutofautisha ni rahisi: weka pamba safi ndani kabla ya kukojoa, kisha kojoa kwenye chombo cheupe. Chombo kikiwa chekundu na pamba ikabaki nyeupe, damu imetoka kwenye mkojo. Pamba ikiloa damu, tunahitaji kuangalia mlango wa kizazi, na hapo kichocho kinaweza kuhusika pia, kwa sababu mayai huingia kwenye kuta za uke na mlango wa kizazi, yakaleta madoa ya damu baada ya tendo la ndoa na vidonda vinavyodhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Wanawake wa mpunga wanakaa majini saa nyingi kuliko waume zao, lakini kwenye foleni ya kamera wanaume wanazidi, na wanawake hufika wakiwa wametibiwa yutiai mara nne, mara tano. Antibayotiki za mara ya pili bila kipimo cha kuotesha wadudu ziwe alama ya kusimama na kuuliza upya.

Mtanijibu kwamba watoto wanapewa dawa za kichocho shuleni, wanasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia kimo na kupewa vidonge kulingana na urefu. Kweli, na kazi hiyo imepunguza mayai kwenye mikojo ya watoto. Lakini ilijengwa kwa ajili ya watoto wa shule. Aliyekuwa mtoto kabla haijaanza, na aliyeacha shule akaingia mashambani, wako nje yake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake, likashauri dawa itolewe kuanzia umri wa miaka miwili na iwafikie watu wazima mahali ambapo angalau mtu mmoja kati ya 10 ameambukizwa. Hilo litawasaidia wajukuu zetu. Misri inatuonyesha hivyo: baada ya miaka mingi ya kupambana na kichocho, saratani ile ya chembe ngumu imepungua sana kati ya wagonjwa wao wa kibofu, na inayoongoza sasa ni ile nyingine, yenye urafiki na tumbaku. Lakini makovu ya mtu aliyekwisha kuugua kwa miaka 30 hayafutwi na vidonge. Kwake yeye dawa inazuia jeraha jipya, na uangalizi unabaki palepale.

Mtu yule wa miaka 48 angefika Januari, au hata Agosti, tungeweza kukuta nini? Kama ni aina ya saratani inayotokana na ngozi ya kawaida ya kibofu, na bado haijaingia kwenye msuli, hukwanguliwa kwa kamera ileile bila kupasua tumbo, kisha kibofu kinawekewa dawa ndani. Kama ni ile ya kichocho, mara nyingi huwa imeshuka haraka, na tiba kuu ni kuondoa kibofu chote na kutengeneza njia nyingine ya mkojo kwa kutumia kipande cha utumbo. Ni upasuaji mkubwa, lakini ukifanyika kabla saratani haijatoka nje ya kibofu, mtu anaweza kuishi miaka mingi. Mionzi inayotolewa Ocean Road inasaidia baadhi ya wagonjwa, hasa kuzuia damu na maumivu, ingawa aina hii ngumu haiitikii mionzi na dawa za sindano vizuri kama nyingine. Kwa hiyo miezi 13 kati ya damu ya kwanza na rufaa si kitu kidogo. Katika miezi hiyo uvimbe huvuka kutoka ngozi kwenda msuli, na kutoka msuli kwenda mafuta na tezi za nyonga. Kila hatua inaondoa tiba moja mezani.

Jambo la mwisho ni la kwenu mnaotoka mbali, ambao nauli ya boti na gari na siku za kulala Dar es Salaam ni mzigo. Najua kwamba damu ikikoma ukiwa njiani, moyo unasema geuza. Usigeuze, na usiwe na wasiwasi kwamba utaonekana mwongo. Daktari hahitaji kuiona damu. Anahitaji maelezo. Andika, au mwambie mwanao aandike kwenye simu, tarehe uliyoiona, iliendelea siku ngapi, ilikuwa mkojo wote au mwanzo au mwisho wake, kulikuwa na mabonge au la, na dawa zote ulizomeza tangu hapo. Ukiweza, piga picha mkojo ukiwa kwenye chombo cheupe. Chukua karatasi za zahanati, hata zile zinazosema hakuna kitu. Mabonge yakikuzuia kukojoa kabisa, hilo halingoji rufaa: nenda kituo cha karibu siku hiyohiyo uwekewe mpira, usiku au mchana. Na ukiangaliwa kwa kamera ukakutwa huna saratani, rudi mwaka unaofuata upimwe mkojo, na rudi mapema zaidi damu ikionekana tena. Aliyekwanguliwa uvimbe anarudi kwenye kamera baada ya miezi mitatu, kisha mara kwa mara kwa miaka kadhaa, kwa kuwa uvimbe wa kibofu una tabia ya kuota upya mahali pengine kwenye ukuta uleule, na unapoota upya mara nyingi hautoi damu hata tone.